Siku za maji mafu: pale bwawa la mwatiko linapokosa pumzi

Saa 11 alfajiri, kabla mwanga haujakaza, mwatiko wa bwawa zima wamepanda juu. Midomo yao imetokeza usoni mwa maji, inafunguka na kufumba bila kukoma. Mwatiko ni samaki mwoga. Kivuli cha mtu kikipita tu kwenye tuta hutimka kwa kishindo hadi ng'ambo ya pili. Asubuhi ya namna hii mtu husimama hatua mbili kutoka walipo na hawasogei. Jua likichomoza bila kufanywa lolote, wakubwa ndio wa kwanza kugeuka matumbo juu.

Mfugaji anayelikuta jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni ugonjwa. Hukimbilia dawa, au humlaumu aliyemuuzia chakula. Kumbe samaki wamekosa oksijeni, na ukitazama mwezi utakuta siku zenyewe ni za maji mafu.

Mabwawa ya mwatiko yapo pwani yetu yote, Kwale na Kilifi upande wa Kenya, na Tanga, Unguja, Pemba, Kilwa hadi Mtwara upande wa Tanzania. Mengi ni ya familia moja au ya kikundi cha wanavijiji, yamechimbwa kwa jembe na sepetu, na hayana mashine ya kuingiza hewa wala pampu ya kudumu. Pampu yao ni bahari yenyewe.

Pampu inayofanya kazi nusu ya mwezi

Kila mwezi unapoandama na kila unapokuwa mpevu huja bamvua. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia karibu mita 4 siku hizo. Maji hupanda mkono wa bahari, hupita kwenye mikoko, hufika langoni na kuingia bwawani yenyewe. Yanapokupwa, mfugaji hufungua lango na kutoa maji machafu bila kuchoma lita hata moja ya petroli.

Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Tofauti ya kujaa na kupwa hushuka hadi mita moja hivi. Bahari haifiki langoni kabisa. Kwa siku 5, 7, pengine zaidi kwa bwawa lililochimbwa juu, maji ni yale yale.

Katika siku hizo bwawa linaishi kwa hewa linayoitengeneza lenyewe. Mchana mwani na mimea midogo isiyoonekana kwa macho hutoa oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku kazi hiyo husimama, lakini mwani wenyewe, samaki, na bakteria wanaoozesha kinyesi na mabaki ya chakula wote huendelea kuvuta pumzi. Akiba ya mchana huliwa usiku kucha na hufika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki huacha kula na huanza kudhoofika. Ikikaribia miligramu 1, hufa.

Ndiyo sababu maji yenye rangi ya kijani kibichi iliyokolea, ambayo wengi huyasifu kuwa na rutuba, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kipimo chake hakina gharama. Chukua sahani nyeupe, ifunge kwenye fimbo iliyotiwa alama za sentimita, uizamishe saa 6 mchana. Ikipotea machoni kwenye sentimita 25 hadi 35, bwawa liko sawa. Ikipotea kabla ya sentimita 20 na maji mafu yanakaribia, punguza chakula siku hiyo hiyo na usitie samadi tena.

> Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki huacha kula. Ikikaribia miligramu 1, hufa.

Mvua huongeza hatari kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo hutanda juu na kuyafunika. Ya chini hayapati hewa tena, na mawingu yamezuia jua lililokuwa likiitengeneza. Bwawa lililosalimika miezi 4 ya kiangazi laweza kupoteza samaki wake usiku mmoja wa masika.

Hapa ndipo lango zuri linapolipa gharama zake. Lango la mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine, katika safu mbili, humpa mfugaji uwezo wa kuchagua maji ya kutoa. Baada ya mvua kubwa huondoa mbao za juu, na maji baridi yasiyo na chumvi hutiririka nje peke yake. Wakati wa kawaida huondoa za chini, na maji mazito ya sakafuni, yenye uchafu na hewa haba, ndiyo yanayotoka. Bwawa lililowekewa bomba moja tu haliwezi hayo. Mahali pengi bomba hupendelewa kwa kuwa ni rahisi kulitega, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko la kununua chakula hafifu.

Utando wa sakafuni au chakula cha gunia?

Juu ya chakula wafugaji wamegawanyika. Kuna wanaosema mwatiko hahitaji kununuliwa chochote, bwawa lenyewe litamlisha. Na kuna wanaosema bila chakula cha tembe samaki hawafiki uzito wa kuuzwa kabla mfukoni hakujakauka. Kila upande una ukweli wake, ila kila mmoja unahusu kipindi tofauti cha maisha ya samaki.

Mwatiko hana meno. Kwa umbile lake hula utando laini unaoota sakafuni, mchanganyiko wa mwani mdogo, bakteria na vidudu vinavyoishi ndani yake. Ufilipino na Indonesia wamefuga mwatiko kwa utando huo kwa karne nyingi. Utando haujioteshi tu, hulimwa.

Kwanza bwawa hukaushwa siku 7 hadi 14, mpaka tope lipasuke na mguu usizame zaidi ya sentimita moja. Kisha hutawanywa samadi ya kuku iliyokauka. Kwa bwawa la mita 20 kwa 50, yaani mita za mraba 1,000, kilo 100 hadi 200 zinatosha. Huingizwa maji ya sentimita 5 hadi 10 tu, yakapita kwenye wavu wa matundu madogo ili vifaranga vya samaki wala samaki visiingie. Baada ya wiki sakafu huanza kuvaa rangi ya kahawia au kijani. Kila baada ya siku chache maji huongezwa sentimita 3 hadi 5, mpaka yafike 30 au 40. Wanaojaza bwawa lote siku ya kwanza huua utando kabla haujazaliwa, kwa sababu jua halifiki chini.

Maji ya kina hicho hupata moto sana mchana wa Januari na Februari. Kwa hiyo bwawa lichimbiwe mfereji pembezoni wenye kina cha karibu mita moja, samaki wapate pa kukimbilia.

Tuchukue bwawa hilo hilo la mita za mraba 1,000. Mfugaji amepanda vifaranga 1,000 vya urefu wa kidole. Kwa miezi 4 ya mwanzo hajanunua chakula. Anavuta wavu, anapima samaki 30, wote pamoja wana kilo 3. Wastani ni gramu 100. Akikadiria kwamba 50 wamekufa au wameliwa na ndege, ana samaki 950, jumla kilo 95.

Hapo utando umefika mwisho wa uwezo wake. Bwawa la ukubwa huo, likitunzwa vizuri, hulisha takribani kilo 100 za mwatiko na si zaidi sana. Ishara zake huonekana wazi: sakafu imebaki tope tupu lenye alama za midomo, na samaki waliopimwa mwezi huu hawajawazidi wa mwezi uliopita. Kuanzia siku hiyo chakula cha kununua au cha kuchanganya nyumbani kina kazi ya kufanya.

Kiasi cha kuanzia ni asilimia 3 ya uzito wa samaki kwa siku. Asilimia 3 ya kilo 95 ni kilo 2 na gramu 850. Zigawanywe mara mbili, saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, wakati maji yana hewa. Kulisha alfajiri ni kuwatwisha samaki kazi ya kumeng'enya chakula wakati hawana pumzi ya kutosha. Kila wiki mbili wapimwe tena, na kiasi kifuate uzito mpya.

Ili wafike gramu 300 kila mmoja, samaki hao 950 wanapaswa kuongeza kilo 190. Chakula kizuri hutoa kilo moja ya samaki kwa kila kilo 2 hivi, kwa hiyo zitahitajika kilo 380. Laiti angelisha tangu mwanzo, angetumia nyingine 190 kwa ukuaji ambao utando umeutoa bure. Hiyo ni theluthi nzima ya gharama ya chakula.

> Bei ya kilo moja ya chakula, izidishe mara mbili. Hiyo ndiyo gharama ya chakula ndani ya kila kilo ya samaki iliyoongezwa kwa chakula hicho, kabla ya vifaranga, vibarua na barafu.

Hesabu hiyo ya kuzidisha mara mbili ifanywe kabla ya gunia la kwanza kununuliwa. Ikiwa jibu lake linakaribia bei ya samaki sokoni kwenu, chakula cha dukani hakifai hata kiwe bora namna gani.

Wengi kwa hiyo huchanganya wenyewe. Mwatiko anayekua huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 24 hadi 30. Kilo 20 za dagaa waliosagwa, kilo 40 za mashudu ya alizeti na kilo 40 za pumba laini za mpunga hukaribia asilimia 26, mradi dagaa wawe dagaa kweli. Dagaa wa mifugo huchanganywa na mchanga mara nyingi. Loweka konzi moja kwenye glasi ya maji utauona ukizama chini. Pumba na mashudu yaliyoota ukungu yatupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika tena, na huharibu ini la samaki taratibu bila dalili ya mapema.

Udongo unaotoa tindikali

Ubishi mkubwa zaidi ni wapi bwawa lichimbwe. Ndani ya mikoko kunavutia: maji yapo, udongo wa mfinyanzi unashika maji, na ardhi haina mlimaji. Wanaotetea mikoko wanasema ndiyo kitalu cha samaki wa bahari nzima na ngao ya fukwe. Sheria iko upande wao, maana misitu ya mikoko ya Tanzania na Kenya imehifadhiwa na haikatwi bila kibali. Miaka ya 1990 pendekezo la shamba kubwa la kambamiti katika delta ya Rufiji lilizua mvutano mkali uliofika mahakamani, na shamba halikujengwa.

Lakini hata mtu asiyejali ndege wala kaa koko ana sababu ya kukaa mbali na mikoko, nayo ni udongo wenyewe. Chini ya mikoko, katika tope lisilo na hewa, hujikusanya madini ya chuma na salfa kwa mamia ya miaka. Yakiwa majini hayana madhara. Yakifukuliwa na kuanikwa kwenye tuta hukutana na hewa, na hugeuka tindikali ya salfa.

Mfugaji hujenga matuta wakati wa kiangazi, mambo yanakwenda. Mvua ya kwanza inaosha matuta, na tindikali inaingia bwawani. Kwenye mashimo ya mizizi huonekana madoa ya njano iliyopauka. Juu ya maji hutanda utando wa rangi ya kutu. Maji yenyewe huwa meupe ya kupendeza, unaona hadi chini, kwa sababu hakuna mwani unaoweza kuota humo. Samadi ikitiwa haisaidii, udongo umeifunga fosforasi yote. Samaki hukutwa na matamvua yaliyoganda kutu.

Udongo huo hupimwa kabla ya kuchimba, si baada. Chimba shimo la mita moja, chukua bonge la udongo wa chini, liweke kwenye mfuko liwe na unyevu kidogo kwa wiki kadhaa, ukilifungua kila siku lipate hewa. Kisha likoroge katika maji ya mvua na uzamishe karatasi ya kupimia pH. Ikisoma chini ya 4, tafuta mahali pengine. Aliyekwisha kuchimba anaweza kuokoa bwawa kwa kulikausha, kulijaza, kumwaga maji, na kurudia mara tatu au nne, kisha kutia chokaa kwenye matuta na kuyaotesha nyasi kabla ya masika. Ni kazi ya msimu mzima.

Mahali panapofaa ni nyuma ya mikoko, kwenye majangwa ya chumvi yasiyoota kitu, ambako bamvua hufika na miti haikatwi. Wenye mashamba ya chumvi wana nafasi nzuri kuliko wote: bwawa lao la kwanza, lile la kupokea maji ya bahari, linaweza kufuga mwatiko bila kugusa kazi ya chumvi. Mwatiko huvumilia chumvi kuliko samaki karibu wote tunaowajua. Ila maji yakizidi gramu 45 za chumvi kwa lita, hali ya kawaida kwa bwawa lisilobadilishwa maji kiangazi, ukuaji wake hupungua.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie vizimba baharini, kama wafugaji wa sato wa Ziwa Victoria. Kizimbani samaki hula cha mkononi mwa mfugaji tangu siku ya kwanza, ile theluthi ya bure haipo. Nyavu huvaa kome na mwani, nanga hutaka fedha, na upepo wa kusi hauna huruma. Kwa familia yenye mtaji mdogo, bwawa ndilo linaloweza kuanza.

Ugonjwa au pumzi?

Mwatiko ni mgumu kuugua. Kwa sababu hiyo vifo vingi vinavyoitwa ugonjwa si ugonjwa, na dawa inayomwagwa bwawani huwa ni fedha iliyopotea. Kutofautisha hakuhitaji maabara.

Wakifa wengi kwa mkupuo, alfajiri, wakubwa wakitangulia, midomo wazi na ngozi safi, ni oksijeni. Simamisha chakula. Kama kuna maji nje, fungua lango. Kama hakuna, azima pampu ya umwagiliaji uyarushe maji ya bwawa hewani yarudi bwawani, tangu usiku wa manane hadi jua likaze. Ikiwa samaki wamefikia ukubwa wa kuuzwa, vuna siku hiyo. Samaki aliyevunwa mzima ana bei, aliyekufa usiku hana.

Wakifa wachache wachache kwa siku nyingi, wenye vidonda, madoa mekundu tumboni au mapezi yaliyolika, hapo bakteria wanahusika, hasa wale wa kundi la vibrio wanaoishi kwenye maji ya chumvi. Hawa huwapata samaki waliokwisha kuchoka: waliobanana, waliokwaruzwa na wavu, walioishi wiki nzima katika maji yenye amonia. Toa waliokufa kila asubuhi, uwafukie kwa chokaa mbali na bwawa na mbali na mkono wa bahari unaompelekea jirani maji. Punguza chakula kwa nusu, badilisha maji kila bamvua inaporuhusu, na mwite afisa uvuvi achukue samaki aliye hai bado na mwenye dalili. Aliyeoza hana cha kuonyesha.

Viuavijasumu visitiwe kwa kukisia. Vikimwagwa majini huua pia bakteria wanaosafisha bwawa, na mabaki yake huenda na samaki hadi kwenye sahani ya mlaji.

Wakijisugua kwenye kuta na mbao za lango, tazama ngozi kwa karibu. Vidudu bapa vinavyotembea juu ya magamba ni chawa wa samaki wa maji ya chumvi. Chumvi ikishuka hudhoofika, hivyo kwa vifaranga wachache ndani ya tangi, kuwaogesha kwa dakika chache katika maji baridi ya kisima, huku wakiangaliwa, huwapunguza chawa sana. Mwatiko huvumilia badiliko hilo, chawa hawavumilii.

Vifaranga

Lipo jambo moja ambalo mfugaji hana uwezo nalo peke yake. Mwatiko jike akifugwa huchukua takribani miaka 5 kupevuka, na hutaga baharini, si bwawani. Wafugaji wengi hukusanya vifaranga kwenye vidimbwi vinavyobaki maji yakipwa: vidogo kama sindano, vyeupe vinavyopitisha mwanga, vyenye madoa matatu meusi, mawili ya macho na moja la kibofu cha hewa. Wingi wao hubadilika kwa majira, na pamoja nao hukusanywa watoto wa samaki wengine ambao wakitupwa ufukweni ni hasara kwa wavuvi wote. Warudishwe majini palepale.

Zanzibar ilijengewa kituo cha kuzalisha vifaranga vya viumbe wa baharini Beit el Ras kwa msaada wa FAO na Korea Kusini. Vituo vya aina hiyo vikiwa karibu na mabwawa ya Tanga, Mtwara na Kilifi, mfugaji atapanda wakati anaoutaka yeye, mwishoni mwa masika utando unapoota vizuri, badala ya kungoja bahari iamue. Serikali zetu zimetoa fedha za kuchimba mabwawa mara nyingi. Vifaranga, na afisa anayebeba kipima oksijeni badala ya kalamu tu, ndivyo vilivyobaki nyuma.

Kwa anayekusudia kuanza msimu ujao: majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji hutolewa na mamlaka za bandari, Dar es Salaam na Mombasa. Lipate la mwaka mzima, weka alama kila siku ya maji mafu, na siku mbili kabla ya kila alama punguza chakula, pima maji kwa sahani nyeupe, na hakikisha unajua pampu ya kuazima iko kwa nani.